Walungu: Ufunguo wa choo usikae mfukoni mwa mwalimu

Hapa Walungu kuna masomo ambapo mtoto akiinua mkono kuomba kwenda chooni, jibu ni moja: « Ngoja rekreasyo. » Rekreasyo ikifika, choo kimefungwa na ufunguo uko kwa mkubwa. Watu wanaita hiyo nidhamu. Mimi naita hiyo kuwatengenezea watoto ugonjwa.

Haja kubwa inakuja kwa saa yake, mara nyingi kisha kula. Mtoto anakunywa chai nyumbani, anakimbia njiani ili asichelewe, na akisha kukaa darasani ndipo tumbo linamwita. Akibana, kisha dakika chache hamu inapotea. Anafikiri imeisha, lakini kinyesi kimebaki ndani, na utumbo mkubwa unaendelea kukinyonya maji. Kesho yake kinakuwa kigumu na kikubwa, kinamuumiza, pengine kinamchana na damu kidogo inatoka. Sasa anaogopa choo, anabana hata akiwa nyumbani. Siku zikipita, sehemu ya mwisho ya utumbo inapanuka, na hamu yenyewe haisikiki tena vizuri.

Jirani yangu alikuwa na kijana wa miaka nane aliyeanza kuchafua kaputula kila siku. Mama alisema ni kuhara, akamununulia dawa ya kufunga tumbo. Baba alimchapa. Muuguzi alipogusa tumbo, upande wa chini kushoto, alikuta uvimbe mgumu: kinyesi kilichokwama. Kile cha majimaji kilikuwa kinapenya pembeni yake bila mtoto kujua. Ile dawa ilikuwa inazidisha ubaya, na fimbo haikuponya kitu.

Alipewa dawa ya kulainisha, maji zaidi, maharagi, sombe na papai. Kila siku, kisha kula, alikaa chooni kama dakika kumi, miguu imekanyaga vizuri, bila kukemewa. Ilichukua miezi, kwa sababu utumbo uliopanuka haurudi kwa juma moja. Lakini darasani sheria ilikuwa ileile, na kila akikatazwa, tumbo lilifunga tena.

Walimu watasema watoto wanatumia choo kama njia ya kutoroka. Wako wanaotoroka, ndiyo. Lakini anayetoroka utamjua kwa kuchelewa kurudi, na yeye ndiye wa kuulizwa. Darasa zima lisiadhibiwe kwa ajili yake.

Nasi wakubwa tunaobana kazini mpaka jioni kwa kuona haya, tumbo letu linafuata njia ileile.

Basi wakubwa wa masomo: fungueni choo kutoka asubuhi, wekeni mlango unaofunga kwa ndani na maji ya kunawa, na mtoto akiomba, aende. Wazazi, mwamsheni mtoto mapema kidogo, apate nafasi ya kukaa chooni kisha chai. Na tumbo likivimba, mtoto akitapika, akikonda au damu ikiendelea, msinunue dawa sokoni. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.