Kabla hujamtupa paka, mpe kazi kwanza (Sehemu ya 4)

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nesi, paka ananiumizia mtoto, nimtupe?" Jibu langu wengine hamtalipenda. Paka wengi wa ndani si wakali, wamekosa kazi. Na anayetakiwa kuwapa kazi ni sisi tuliowafungia ndani.

Ngoja niwaambie ya kwangu. Tunaishi fleti, ghorofa ya tatu, na paka wetu Chausiku hatoki nje. Kila ikifika magharibi, mwanangu wa miaka 4 akipita tu koridoni, Chausiku anachomoka chini ya kochi na kumrukia kisigino. Saa kumi usiku anaangusha vikombe. Baba watoto akasema, "Huyu aondoke."

Nikajiuliza, kwani kutwa nzima anafanya nini? Bakuli limejaa, anakula dakika chache, basi. Paka anayejitafutia hula vimilo vidogo vingi kwa siku, na kila kimoja anakitolea jasho: ananyatia, anarukia, anakamata. Na muda wake wa kuchangamka ni alfajiri na magharibi. Sasa ndani kwetu, kitu pekee kilichokuwa kinakimbia saa hiyo ni kisigino cha mtoto!

Tukabadilisha mambo matatu.

La kwanza ni mchezo. Fimbo, kamba ya kama mita moja, na kitambaa mwishoni. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 kabla ya magharibi. Wengi tunampigapiga nacho paka usoni, lakini hakuna panya anayemfuata paka. Kitambaa kimkimbie, kijifiche nyuma ya mto, kitulie kidogo. Mwache akamate mara kadhaa, kisha mwishoni punguza kasi, akamate, na hapo hapo mpe chakula. Ndiyo maana taa ya leza siipendi: anakimbiza wee, hashiki kitu. Na usimchezeshe kwa vidole, unamfundisha kwamba mkono wa mtu ni windo. Mkimaliza, fimbo iingie kabatini. Kamba ikimezwa inaweza kumkata paka utumbo, na shingoni kwa mtoto pia ni hatari.

La pili ni sehemu ya juu. Tulitoa makorokoro juu ya kabati la vitabu karibu na dirisha, tukaweka kipande cha zulia, na stuli pembeni ya kupandia. Anakaa pale anaangalia kunguru. Sheria ya nyumba: akiwa juu, haguswi. Paka mwenye pa kukimbilia hana haja ya kutumia kucha. Lakini kabati lifungwe ukutani, maana mtoto naye atajaribu kupanda. Na dirisha liwe na wavu imara. Ule wa mbu paka anauchana, na kutoka ghorofani ataanguka.

La tatu ni chakula cha kutafuta. Chukua trei ya mayai, gawa punje za chakula chake kikavu kwenye vishimo. Ni chakula kile kile cha siku, si cha kuongeza. Akishazoea, funika vishimo kwa vipira vya karatasi. Baadaye toboa chupa ya nusu lita matundu makubwa kuliko punje, awe anaisukuma zidondoke. Kama wako anakula wali na dagaa, weka kidogo kidogo kwenye vifuniko vitano na uvifiche vyumbani. Ukiona ananusa anaondoka, umemwekea kigumu, rudi hatua moja nyuma. Usimwache na njaa eti ajifunze. Paka akikaa siku moja au mbili bila kula, hasa aliyenenepa, ini lake linaweza kupata shida.

Baada ya kama wiki tatu, visigino vilipona. Vikombe bado anaangusha siku ambazo tumesahau mchezo wa jioni, na hapo wa kulaumiwa ni mimi.

Ila mchezo hautibu ugonjwa. Paka aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, au akianza kukojoa ovyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na akimng'ata au kumkwaruza mtoto hadi damu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama paka ni wa ndani. Chanjo yake ya kichaa isipitwe.

Ukimtupa, atakwenda kuwang'ata watoto wa mtaa wa pili, na wewe hutakuwa umejua alikuwa anahitaji nini. Trei ya mayai unayo jikoni. Anza nayo kesho, halafu uniambie siku ya kwanza alitumia dakika ngapi.