Fundi, Pesa ya Spea Ilipwe Kwanza

Chukua ndugu wawili, mafundi wa laptopu. Walianza na meza moja kando ya barabara, kazi ikaongezeka, wakakodi duka. Siku moja mteja analeta laptopu nne. Bili ni shilingi 38,000: spea 26,000, ufundi 12,000. Spea wanazichukua kwa mkopo.

Jioni mteja anarudi, duka limejaa watu. Simu ya duka inalia, ujumbe unasema 38,000 zimeingia. Anabeba mashine zake, anaenda. Usiku wakipiga hesabu, salio halijasonga hata shilingi. Kumbe ule ujumbe ulitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, si kwa jina la huduma.

Kesho yake mapema, kaka mkubwa alimwendea muuza spea kabla hajatafutwa. Wakaelewana 2,000 kila wiki. Baada ya wiki 13 deni likaisha, na muda huo wote hawakunyimwa spea.

Wengi watasema dawa ni kuangalia salio kabla ya kukabidhi kazi. Ni kweli, angalia kila mara. Lakini sisi tunaona hiyo pekee haitoshi, maana mtu akiharakishwa husahau. Itisha pesa ya spea kabla ya kuzinunua. Hawa ndugu wangefanya hivyo, tapeli angewala jasho la 12,000, lakini deni la 26,000 halingekuwepo. Mteja akilalamika, mwonyeshe bei ya spea. Ufundi atalipa akiona mashine inawaka.