Chakula Kimeliwa, Fedha Iko Wapi?

Mwezi huu tunaongea na wale wanaopika kwa ajili ya semina za maofisini, mikutano na sherehe. Wengi wenu mmetueleza jambo moja: wageni walikula wakashiba, wakasifu pilau, kisha malipo yakawa ni njoo kesho. Nasi tumepitia huko. Tutawasimulia yaliyotupata, maana makosa yetu yanafundisha zaidi kuliko maneno matupu.

Mwezi Machi 2025, sisi wanne tulipata kazi ya kulisha semina ya ofisi moja. Watu 60, siku tatu, chai ya asubuhi na chakula cha mchana, shilingi 15,000 kwa kila mtu kwa siku. Jumla ilikuwa shilingi 2,700,000. Tulipewa kianzio cha shilingi 500,000, tukafurahi. Lakini mchele, nyama, kuku, mafuta, gesi, kukodi sahani na usafiri vilitugharimu shilingi 1,800,000. Ile 1,300,000 iliyopungua ilitoka wapi? Sehemu ni mkopo wa mwenye bucha na mwenye duka la mchele, na sehemu ni ada ya shule ya mtoto wa mwenzetu mmoja. Kwa maneno mengine, ofisi ile ilikula kwa mkopo, na waliokopesha ni sisi.

Semina ilikwisha Alhamisi tarehe 6. Kesho yake tukapeleka ankara. Wiki tano zikapita. Kila tulipompigia simu dada aliyetuagiza chakula alijibu kwa upole kwamba linashughulikiwa. Hakuwa mwongo. Yeye aliagiza tu, na mwenye kulipa alikuwa mhasibu, ambaye hatukuwahi kumwona hata siku moja. Tulipokwenda wenyewe ofisini kwa mhasibu, tulikuta ankara yetu iko kwenye trei, imewekewa alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa tumeiandika kwa jina la yule dada badala ya jina la ofisi. Namba ya hati ya kuagiza, ile wanayoiita LPO, hatukuiandika. Na akaunti ya benki ilikuwa ya jina la mmoja wetu, wakati hati ile ilitaja jina la kikundi. Mhasibu hawezi kulipa karatasi ya namna hiyo, na hana wajibu wa kututafuta ili atuambie.

Hapo hapo likazuka jingine. Daftari la mahudhurio la siku ya tatu lilikuwa na sahihi 48 tu. Sisi tulipika kwa ajili ya watu 60, lakini hatukuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha. Tukapoteza malipo ya watu 12, yaani shilingi 180,000. Mtoto wa mwenzetu naye alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Tangu siku hiyo tumebadili utaratibu. Kwanza, kianzio hatukisii. Tunapiga hesabu ya vitu vyote vya kununua na kukodi, na jumla hiyo ndiyo tunayoomba kabla ya kwenda sokoni. Kwa kazi ile ingekuwa shilingi 1,800,000, theluthi mbili ya bei yote. Salio likichelewa, kinachochelewa ni ujira na faida yetu. Inauma, lakini hatudaiwi na mwenye bucha.

Ziko ofisi ambazo taratibu zao haziruhusu kulipa kabla ya huduma. Hizo tunaziomba zilipe kila siku jioni, au zilipe sehemu baada ya siku ya kwanza. Wakikataa hayo pia, tunajiuliza swali moja: je, tunaweza kukaa siku 45 bila fedha hiyo, na nyumba zetu zisitikisike? Kama hatuwezi, tunaiacha kazi. Tumekwisha kuacha mbili.

Pili, idadi ya watu huthibitishwa kwa maandishi siku mbili kabla ya shughuli, nasi huandika wazi kwamba idadi hiyo ndiyo itakayolipiwa hata kama wengine hawatafika. Kisha kila siku baada ya chakula, msimamizi wa semina hutia sahihi karatasi yetu yenye tarehe na idadi ya sahani. Nakala moja yake, moja yetu.

Ankara yenyewe sasa ina jina kamili la ofisi, namba yetu ya ankara, tarehe, namba ya LPO, namba yetu ya mlipakodi, siku na idadi ya watu, bei, jumla, kianzio kilichopokelewa na salio. Jina la akaunti ni lile lile lililo kwenye LPO. Hatuandiki tena “lipa ndani ya siku 14”, maana watu hubishana siku ya kwanza ni ipi. Tunaandika: “Salio lilipwe ifikapo Ijumaa tarehe 21 Machi.” Tunaambatanisha zile karatasi za sahani, tunazipeleka kesho yake, na anayepokea hutia sahihi na tarehe kwenye nakala yetu. Pia tunamwuliza mhasibu maswali mawili: malipo hufanyika siku gani ya juma, na je, watakata kodi ya zuio? Kama wanakata, tunadai cheti chake, la sivyo tutadhani tumepunjwa.

Sasa kukumbusha. Siku tatu baada ya kupeleka ankara tunampigia mhasibu kuuliza kama karatasi zimekamilika. Hatutaji fedha. Simu hiyo fupi ndiyo iliyotuokolea majuma mengi, kwa kuwa kasoro huonekana mapema. Siku ya malipo ikipita, kesho yake tunapiga tena na kuomba tarehe, kisha tunaiandika tarehe hiyo kwenye ujumbe na kumtumia. Juma moja likipita tunapeleka barua kwa mkuu wa ofisi, nakala kwa mhasibu. Huwa fupi: “Ankara namba 014 ya tarehe 7 Machi, salio shilingi 900,000, ilipaswa kulipwa tarehe 21 Machi. Tunaomba malipo ifikapo tarehe 4 Aprili. Hatutapokea agizo jipya mpaka salio hili lilipwe.” Hatuelezi shida zetu za nyumbani wala hatuombi radhi. Barua ya mwisho hutoa siku saba na kusema tutapeleka madai Mahakama ya Mwanzo, nayo huandikwa na mtu aliye tayari kweli kwenda. Zile nakala zenye sahihi ndizo atakazokwenda nazo.

Kwa wanaopikia idara za serikali au halmashauri, angalieni kalenda. Mwaka wao wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Kazi ya Juni iliyoletewa ankara Julai inaweza kuingia katika deni la mwaka uliopita, na hapo subira ni ndefu.

Harusi ni habari nyingine kabisa. Kamati huvunjwa mara sherehe inapokwisha, maharusi wamekwenda fungate, na mweka hazina anasema bado anafuatilia ahadi za wachangiaji. Utamdai nani? Kwa harusi tunataka fedha zote zikamilike siku tatu kabla ya kuwasha jiko, hata kama bibi harusi ni binti wa jirani au tunasali naye kanisa moja. Mwenyekiti wa kamati moja alituambia tumekosa imani. Tulimjibu kwamba mwenye mbuzi naye hutaka fedha kwanza, akacheka, na jioni ile akatuma salio lote.