Mkopo wa pili kabla ya wa kwanza kuisha

Mke ni muuguzi Kibondo, mume anafuga na kulima Kasulu, ambako wanajenga. Kuta zimesimama, mabati hayajapatikana, na Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza bweni. Mke anapiga hodi benki. Afisa mikopo anafungua kompyuta na kusema, "Dada, wewe una nafasi kabisa. Tunakuongezea, makato yanapanda kidogo tu." Familia nyingi zimeshasikia sentensi hiyo. Tupige hesabu yake kwa mfano.

Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000. Kabla haujafika benki, mwajiri anakata asilimia 5 ya PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, kodi, na asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi. Zinabaki kama 637,000. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani 260,000 kwake. "Nafasi" anayoisema afisa ni pengo lililopo kati ya tarakimu hizo mbili. Ni kipimo cha kiasi kinachoweza kukatwa. Hakipimi kama familia itakula.

Miezi 18 iliyopita alikopa milioni 6 kwa miezi 48, riba asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio. Makato ni 170,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, riba peke yake ilikuwa 80,000, hivyo deni lilipungua kwa 90,000 tu. Riba hushuka polepole kadiri deni linavyopungua. Ndiyo maana baada ya miezi 18 ameshakatwa zaidi ya milioni 3, lakini bado anadaiwa kama milioni 4.18. Wengi hushtuka hapa na kudhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Ndivyo mkopo unavyolipwa: miaka ya mwanzo hubeba riba nyingi, miaka ya mwisho hula deni lenyewe.

Sasa anaongezewa, wenyewe huita topapu. Benki inaandika mkopo mpya wa milioni 7 kwa miezi 48, inajilipa salio la zamani, na kumpa kinachobaki: milioni 2.82, kabla ya ada na bima ya mkopo. Makato yanapanda hadi 198,000. Kweli ni "kidogo tu", kama 28,000 kwa mwezi.

Lakini tazama miezi. Deni la zamani lilibakiza 30, sasa ana 48. Ukitoa alichokuwa akidaiwa kulipa tayari, milioni 2.82 za mabati na bweni zitamgharimu kama milioni 4.42. Angechukua kiasi hicho hicho kama mkopo wa pembeni wa miezi 30, riba ileile, angelipa kama milioni 3.44. Tofauti ya karibu milioni moja haikununua hata bati moja. Imetokana na deni la zamani kuvutwa miezi 18 mbele na kuanza upya kula riba. Akirudia baada ya miezi 18 mingine, atakuwa daima kwenye ile sehemu ya mwanzo, ambako riba ni kubwa.

Mkopo wa pembeni nao una maumivu yake. Makato yote mawili yangefika 284,000, na mkononi zingebaki 353,000 kwa miezi 30. Familia isiyoweza kuishi kwa hizo ipunguze mabati ya awamu hii, au ingoje mavuno ya maharage.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye salari slipu. Theluthi hulinda tu makato yanayopitia kwa mwajiri. Fedha ya awali ya mshahara hukatwa kwenye akaunti pale mshahara unapoingia, na mkopeshaji wa kausha damu hushika kadi ya benki na namba ya siri, akachota mwenyewe mwisho wa mwezi. Slipu itaonyesha 439,000 baada ya topapu, huku nyumbani ikifika nusu yake. Dalili ni moja: ukikopa tarehe 10 ili ufike tarehe 25, na ukirudia miezi mitatu mfululizo, tayari unalipa mkopo kwa mkopo.

Kabla ya kusaini, mume na mke wakae na karatasi moja waulize benki mambo manne: salio la kulipa leo ni kiasi gani, mkononi nitapata ngapi baada ya ada na bima, makato ni ya miezi mingapi, na jumla nitalipa shilingi ngapi. Kisha wazidishe makato kwa miezi. Na mkopo ukiisha, waangalie slipu ya mwezi unaofuata. Makato yakiendelea, wapeleke uthibitisho wa benki kwa afisa utumishi siku hiyohiyo.