Injini ya zamani imekwenda wapi?

Barua nyingi tulizopokea baada ya toleo lililopita zilihusu swali moja: ankara ya matengenezo ikifika kiasi gani ndipo iingizwe kwenye mali badala ya gharama za mwaka? Wengine walitaka Sh milioni 5, wengine asilimia 10 ya bei ya mali. Nimezisoma zote, na naona tunabishana mahali pasipo na ugomvi. Kiwango cha chini cha kuandikisha mali kinamsaidia karani asijaze daftari vitu vidogo vidogo. Hakimwambii kama injini mpya ya basi ni mtaji au ni gharama.

Lililonikera zaidi ni hoja iliyorudi katika karibu nusu ya barua hizo, kwamba matengenezo huwa mtaji pale tu yanapoifanya mali iwe bora kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kipimo hicho kilikuwamo kweli katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16, lakini kiliondolewa katika marekebisho ya Desemba 2003 yaliyoanza kutumika 1 Januari 2005. Tangu hapo fedha ya mwanzo na fedha ya baadaye hupimwa kwa mizani ileile: je, inatarajiwa kuleta manufaa ya mbele, na gharama yake inapimika? Bado tunakifundisha kipimo cha zamani vyuoni, na vijana wanakuja nacho kwenye ukaguzi.

Nichukue basi la abiria, kwa kuwa ndilo linalonisumbua kila msimu wa kufunga hesabu. Kampuni ilinunua basi 1 Januari 2020 kwa Sh milioni 400, ikalipa maisha ya miaka 10 bila thamani ya mwisho. Mwishoni mwa 2025 injini ikafa. Injini mpya, pamoja na usafirishaji na ufundi wa kuifunga, ikagharimu Sh milioni 60. Basi halikuwa na kasi zaidi wala viti zaidi. Limerudi tu barabarani kama lilivyokuwa. Kwa kipimo cha zamani hiyo ni gharama ya mwaka. Kwa kiwango cha leo ni mtaji, kwa sababu injini hiyo itavuta abiria miaka mingine minne na bei yake inajulikana.

Wahasibu wengi sasa wanafika hapo salama, kisha wanasimama. Siku ile vitabu vinaonyesha basi la Sh milioni 160, wao wanajumlisha 60, wanapata 220 na kufunga ukurasa. Basi hilo sasa lina injini mbili: moja iko chini ya boneti, nyingine imebaki ndani ya zile milioni 160 ingawa chuma chake kimeshauzwa kwa mnunuzi wa skrepa.

Kiwango kinadai ya zamani itolewe, hata kama haikuwahi kuandikwa peke yake kwenye daftari la mali. Nikiuliza kwa nini haikutolewa, jibu ninalopewa ni hilohilo: hatukuwa na bei yake. Aya ya 70 imekwishajibu. Pale ambapo haiwezekani kupata thamani ya kipande kilichotoka, bei ya kipya inaweza kutumika kama kiashiria cha gharama ya kile cha zamani kiliponunuliwa. Kwa basi letu, tukiirudisha milioni 60 kwenye bei za 2020, tuseme tunapata Sh milioni 50. Miaka sita ya uchakavu imekula 30, zimebaki 20. Hizo 20 zinatoka. Skrepa imelipa milioni 3, kwa hiyo hasara ni milioni 17, nayo inakwenda kwenye hesabu ya faida na hasara ya 2025. Basi linabaki na Sh milioni 200, na uchakavu wake kuanzia 2026 ni milioni 50 kwa mwaka. Injini mpya inachakaa kwa miaka minne iliyobaki ya basi, hata kama fundi ameidhamini kwa minane, isipokuwa kampuni ina mpango wa kweli wa kuihamishia gari jingine.

Asiyeitoa injini ya zamani anaonyesha faida ya 2025 iliyozidi kwa milioni 20, kisha anailipa kidogokidogo, milioni 5 kila mwaka, hadi basi lifike mwisho. Ni kweli kwamba kufikia 2029 kosa limejifuta. Lakini benki iliyokopesha kwa kutazama hesabu za 2025 haikuingoja 2029.

Ndiyo maana, kabla ya kuuliza kilichoingia, namwomba mhasibu aulize kilichotoka. Aende gereji na kadi ya kazi mkononi, kwa sababu ankara iliyoandikwa “matengenezo makubwa” kwa mstari mmoja haisemi kitu. Ndani yake mara nyingi mna injini, oili, filta, pedi za breki na rangi ya ubavuni. Injini ina mwenzake aliyetolewa. Oili, filta na pedi ni huduma ya kila siku, na zinabaki kuwa gharama hata zikisimama kwenye ankara moja na injini. Ikiwa fundi amefungua injini ileile kwa sababu ilichemka, akabadilisha gasketi na ringi na kuifunga, sioni kipande cha kutoa, na naiacha kwenye gharama. Kipimo changu kina mpaka: basi lililofungwa kiyoyozi ambacho halikuwa nacho halijatoa kitu, na bado ule ni mtaji.

Katika toleo hili makala ya kwanza inarudi kwenye kesi za kodi za Uingereza ambazo bado tunazitaja. Mwandishi anaziweka pamoja kesi mbili za bomba la moshi. Katika Bullcroft, 1932, bomba jipya lilikuwa mtaji kwa kuwa lilitazamwa kama kitu kizima. Katika Samuel Jones, 1951, lilikuwa tengenezo kwa kuwa lilitazamwa kama sehemu ya kiwanda. Anaeleza pia kesi ya Law Shipping ya 1923, ambapo meli ilinunuliwa ikiwa imechakaa, na katika pauni 51,558 za matengenezo zikakubaliwa 12,000 tu, sehemu ya uchakavu wa baada ya kununuliwa. Ni makala nzuri, nami natofautiana nayo katika jambo moja. Mwandishi anataka vitabu vifuate majibu hayo. Mahakama zile zilikuwa zinaamua nini kikatwe kwenye faida inayotozwa kodi. Mizania inauliza kampuni ina nini mkononi. Injini yetu inaweza kuwa tengenezo kwenye ritani na mtaji kwenye vitabu mwaka huohuo, na tofauti hiyo ina mahali pake katika kodi iliyoahirishwa.

Makala ya barabara za halmashauri inafuata Kiwango namba 45 cha sekta ya umma, kilichochukua nafasi ya namba 17 tangu 1 Januari 2025; isomwe na kila mhandisi anayetia saini hati ya malipo. Ile ya mapaa ya shule ni fupi na haihitaji utangulizi wangu.

Kwa toleo lijalo naomba kitu kimoja kutoka kwa wanaokagua kampuni za usafirishaji: mlinganisho wa vyuma vilivyouzwa skrepa na vipande vilivyotolewa kwenye daftari la mali mwaka huohuo. Risiti za skrepa huwa zipo, kwa kawaida chini ya “mapato mengineyo”.