Usihukumu Kuku kwa Salio la Simu

Jirani yangu hapa Chale ana kuku 60 wa mayai. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa amekata tamaa. "Shemeji, hawa nawauza. Wanakula tu, pesa siioni." Alikuwa amepitia ujumbe wa malipo kwenye simu yake, akaona pesa nyingi zimekwenda kwa muuza chakula kule Ukunda.

Mimi nasema ujumbe wa malipo ni shahidi mzuri, lakini hauwezi kumhukumu kuku. Unaonyesha siku uliyonunua gunia, si siku kuku walipolila. Ukinunua magunia mawili wiki moja, wiki hiyo itaonekana ni hasara na inayofuata itaonekana ni faida, hata kama bandani hakuna kilichobadilika. Jibu liko kwenye daftari. Nikamwambia anitumie picha ya kurasa zake.

Picha ya kwanza haikufaa, kwa sababu kivuli cha mkono kilifunika safu ya mwisho. Weka daftari mahali tambarare, penye mwanga lakini si juani, ushike simu juu yake moja kwa moja, na tarehe zote zionekane. Kisha usijumlishe ukiwa unatazama picha. Nakili kila namba kwenye karatasi na uwekee alama zile zenye shaka. Nafasi iliyoachwa wazi si sifuri, muulize mwenyewe.

Kwenye wiki ya kwanza, Ijumaa, sikujua kama ameandika mayai 41 au 47. Sikukisia. Wiki ilianza na mayai 12 ya akiba. Aliuza trei 10, yaani mayai 300, tisa yalivunjika au kuliwa nyumbani, na yakabaki 30. Hiyo ni 339. Ukitoa yale 12, yaliyookotwa ni 327. Hesabu hiyo inakubali 47 tu.

Chakula anapima kwa kopo la rangi. Tulilipima kwenye mizani ya duka: likijaa bila kilima hubeba kilo 2.3. Wiki ya kwanza alitoa makopo 21, yaani kilo 48.3. Mayai 327 ni trei 10.9. Gawanya chakula kwa trei, unapata kilo 4.4 kwa kila trei. Namba hii moja ndiyo ninayomtaka kila mfugaji aijue.

Wiki ya tatu mayai yalikuwa 318, pungufu tisa tu. Lakini makopo yalipanda hadi 25, sawa na kilo 57.5. Kila trei sasa ilikula kilo 5.4. Tuseme kilo ni shilingi 60: karibu shilingi 600 zimepotea kwa wiki moja, na kuku wanasingiziwa.

Kwa nini nasema wanasingiziwa? Gawanya kilo 57.5 kwa kuku 60 na siku 7. Inakuja gramu 137 kwa kuku kwa siku, wakati wiki ya kwanza ilikuwa 115. Kuku wa mayai kwa kawaida hula kama gramu 110 hadi 120, na joto letu la pwani humfanya ale kidogo zaidi, si zaidi. Chakula kilitoka kwenye kopo, lakini hakikuingia tumboni.

Jumapili nikaenda kutazama. Mpwa wake alikuwa anajaza vihori hadi pomoni, kuku wanachakura na kumwaga chini. Gunia liko wazi, na kando ya ukuta pana mavi ya panya. Asubuhi kijana akikuta kihori kitupu, anaongeza kopo. Tukakubaliana vihori vijazwe nusu, mara mbili kwa siku, na chakula kikae kwenye pipa lenye mfuniko. Wiki iliyofuata makopo yalikuwa 22 na mayai 320: kilo 4.7 kwa trei. Bado haijarudi pale pa mwanzo, lakini kuku hawakuuzwa.

Namba hii haisemi kila kitu. Chakula na mayai vikishuka pamoja, angalia kwanza maji, joto na ugonjwa. Chakula kikibaki palepale na mayai yakapungua, fikiria umri wa kuku, ubora wa chakula, au mtu anayeokota mayai kabla yako. Na kuku akifa, andika siku hiyohiyo, la sivyo hesabu ya kila kuku itapotoka.

Kwa hiyo ujumbe wa malipo utumie kujua bei ya kilo. Kujua nani amekula, fungua daftari.