Usimtumie Mama wa Vitenge CV

Wanafunzi wenzangu tunaopiga vibarua vya ubunifu, tuna ugonjwa mmoja. Mwenye duka akisema tu kwamba amelemewa, tunamrushia CV na orodha ya kila tunachokiweza. Yeye hakuuliza hayo. Kataja shida moja, basi jibu hiyo hiyo.

Tuseme mama muuza vitenge kalalamika kwamba kila usiku anajibu swali la bei. Nadai ujumbe huu unatosha:

"Shikamoo mama. Umesema maswali ya bei yanakuchosha. Naweza kupiga picha vitenge 20 vinavyotoka sana, niviweke na bei kwenye katalogi ya WhatsApp Business, mteja ajionee mwenyewe. Siku mbili, shilingi 30,000, nusu kabla ya kuanza. Nije kesho saa nne asubuhi au jioni?"

Maneno ni yake, kazi ina mwisho, bei iko wazi. Swali la mwisho linajibika kwa neno moja. Ukimwandikia "tutaongea bei", atahisi anatengewa mtego na atanyamaza.

Programu yenyewe ni ya bure, kwa hiyo mwambie wazi kwamba analipia kazi yako. Mwambie pia kitakachoharibika: bei zikipanda na katalogi ikabaki ya zamani, mteja atagombana naye dukani. Mfundishe kubadilisha bei mwenyewe kabla hujaondoka. Akishindwa, hapo ndipo kibarua cha pili kinapozaliwa, na safari hii atakutafuta yeye.